Viwanja vitatu, vipimo sita: jinsi ya kupatanisha umbali usiokubaliana

Bibi alikuwa na ukanda wa ardhi kando ya barabara, nje kidogo ya Morogoro mjini, na alitaka kuugawa kwa wanawe watatu angali hai. Bikoni nne zilikwisha simikwa kwa mstari mmoja. Mimi naziita A, B, C na D kuanzia upande wa mji. Kati ya A na B ni kiwanja cha mkubwa, B hadi C cha wa kati, C hadi D cha mdogo. Kazi yangu ilikuwa kuandika upana wa kila kimoja.

Wanawe walikwisha jaribu wenyewe kwa tepu ya kitambaa. Walipopima kiwanja kimoja kimoja na kujumlisha, walipata jibu moja. Walipovuta tepu kutoka A moja kwa moja mpaka D, wakapata jingine, na tofauti ilizidi futi moja. Kila mmoja akaamini kwamba hiyo futi imetoka kwake. Ndipo nikaitwa.

Nitaeleza kazi ile kama ilivyokwenda, pamoja na pale nilipokaribia kukosea, ili anayepima ukanda wa namna hii aweze kuifuata hatua kwa hatua akiwa na kalamu tu.

Hatua ya kwanza: pima zaidi ya unavyohitaji

Kinachotafutwa ni namba tatu: AB, BC na CD. Vipimo vitatu vingetosha, lakini ukipima vitatu tu hakuna kitakachokuambia kama umekosea. Namba zitakaa kimya kwenye daftari na utaziamini kwa sababu hazina wa kuzipinga.

Niliweka totali stesheni, chombo kinachopima umbali kwa mwanga, juu ya bikoni A nikasoma umbali hadi B, hadi C na hadi D. Nikahamia B nikasoma C na D. Nikahamia C nikasoma D. Jumla ni vipimo sita, vitatu zaidi ya vinavyohitajika, na hivyo vitatu vya ziada ndivyo mashahidi. Vyote ni umbali wa mlalo, yaani mteremko umekwisha ondolewa. Daftari langu lilisomeka hivi, kwa mita:

AB 42.212
BC 38.494
CD 45.351
AC 80.673
BD 83.817
AD 125.994

Bibi alikuwa ameketi kivulini na simu yake. Aliniomba nimsomee namba za viwanja, akazijumlisha, kisha akaniuliza ile ndefu. "Mwanangu," akasema, "hivyo vitatu vimekuja mia moja ishirini na sita na ushee. Hiyo ndefu haifiki mia ishirini na sita. Mashine yako nayo haijui kujumlisha?"

Nikamjibu, "Bibi, kila kipimo kina kosa lake kidogo. Nitayapatanisha." Jibu hilo ni la kweli kwa kawaida. Siku ile lilikuwa nusu ya ukweli.

Hatua ya pili: andika mapengo kabla ya kusahihisha chochote

Pengo ni tofauti kati ya sehemu zilizojumlishwa na kipimo kizima. Kwa bikoni nne kuna mapengo manne ya kuangalia, na hesabu yake haichukui dakika mbili:

AB + BC toa AC: milimita 33
BC + CD toa BD: milimita 28
AB + BD toa AD: milimita 35
AC + CD toa AD: milimita 30

Nakusihi uyaandike kwenye karatasi na uyatazame. Mimi niliyaandika, lakini sikuyatazama. Jua lilikuwa kali na nilikuwa na haraka ya kufika kwenye hesabu.

Hatua ya tatu: elewa nani abebe kosa

Tuseme una bikoni tatu tu, na AB pamoja na BC vimezidi AC kwa milimita 3. Wapimaji wengi wana mazoea ya kumtupia kosa mmoja, mara nyingi kipimo cha mwisho. Namba zitafunga, ni kweli, lakini umemfanya mmoja kuwa mkosaji wa milimita 3 na wengine kuwa watakatifu, bila ushahidi wowote.

Mbinu ya miraba midogo kabisa inauliza swali jingine: kati ya masahihisho yote yanayofunga pengo, ni yapi yana jumla ndogo kabisa ya vipeo vya pili? Ukimbebesha mmoja milimita 3, jumla ni 9. Ukigawa kwa wawili, 1.5 na 1.5, jumla ni 4.5. Ukigawa kwa watatu, 1 kila mmoja, jumla ni 3, na huwezi kupata chini ya hapo. Kipeo cha pili kinaliadhibu sahihisho kubwa kuliko madogo kadhaa, kwa hiyo kosa linaenea kwa wote waliohusika. Mfaransa Adrien-Marie Legendre aliichapisha mbinu hii mwaka 1805 alipokuwa akishughulikia njia za nyotamkia, na Carl Friedrich Gauss, aliyeieleza mwaka 1809, baadaye aliitumia katika upimaji wa ufalme wa Hannover. Yaani imepita mikononi mwa wapima ardhi tangu utoto wake.

Kwa bikoni nne na vipimo sita, pengo moja halitoshi kugawa, kwa sababu kila kipimo kimeingia kwenye mapengo mawili au zaidi. Lakini kuna njia rahisi ya kufikia jibu lile lile. Jiulize: AB naweza kuijua kwa njia ngapi?

Njia ya kwanza ni kipimo chenyewe cha AB. Ya pili ni AC toa BC. Ya tatu ni AD toa BD. Hizi mbili za mwisho zimejengwa kwa vipimo viwili kila moja, kwa hiyo zimebeba makosa ya wote wawili, na zinastahili nusu ya imani tunayoipa njia ya moja kwa moja. Basi hesabu njia ya kwanza mara mbili, nyingine mara moja moja, ugawe kwa nne:

```
AB = (2×AB + (AC − BC) + (AD − BD)) / 4
BC = (2×BC + (AC − AB) + (BD − CD)) / 4
CD = (2×CD + (BD − BC) + (AD − AC)) / 4
```

Upande wa kulia weka namba za daftari. Hili si kadirio la haraka haraka. Vipimo vyote sita vikiwepo, na vyote vikiwa vya kuaminika sawa, hili ndilo jibu kamili la miraba midogo kabisa.

Hatua ya nne: kokotoa, kisha rudi kwenye masahihisho

Nikaingiza namba zangu. AB ikatoka 42.195, BC 38.479, CD 45.337 (nimezikata kwenye milimita, kwenye daftari niliacha desimali zaidi). Sasa sehemu zinajumlika na mzima. Ningeweza kumwonyesha bibi, naye angejumlisha kwenye simu yake na kuridhika.

Kabla ya kufunga daftari nina desturi moja: natoa kipimo cha daftari kutoka kwenye namba mpya, na kuandika sahihisho la kila kipimo kwa milimita. Yalitoka hivi:

AB −17
BC −15.25
CD −14.5
AC +0.75
BD −1.75
AD +16.25

Kwanza hakiki hesabu. Chukua vipimo vyote vinavyovuka kiwanja cha kwanza, yaani AB, AC na AD. Masahihisho yake ni −17, +0.75 na +16.25, na jumla ni sifuri. Lazima iwe sifuri. Isingekuwa sifuri, ingemaanisha kwamba ukivuta AB kidogo upande mmoja jumla ya vipeo vya pili ingepungua bado, na hapo ungekuwa hujafika chini. Kiwanja cha kati kinavukwa na BC, AC, BD na AD. Cha tatu na CD, BD na AD. Navyo vinatoa sifuri. Hesabu ilikuwa safi.

Hesabu safi, lakini namba zenyewe zilinitisha. Chombo changu, kwa mujibu wa kitabu chake, kina kosa la takriban milimita 2 kwa umbali kama huu. Inakuwaje sahihisho lifike 17? Nilikusanya vipeo vya pili vya masahihisho yote sita, nikapata karibu 1000. Gawa kwa vipimo vya ziada, ambavyo ni 3, kisha tafuta kipeuo cha pili chake: milimita 18. Chombo cha milimita 2 kilikuwa kimefanya kazi ya milimita 18.

Hatua ya tano: soma ishara, si ukubwa tu

Yatazame tena masahihisho yale. Vipimo vifupi vitatu vyote ni hasi, na vinakaribiana. Vya kati viwili viko karibu na sifuri. Kirefu ni chanya, kwa ukubwa ule ule wa vifupi. Makosa ya bahati nasibu hayapangi foleni hivyo. Na ukirudi kwenye mapengo ya hatua ya pili, yote manne ni chanya, yote yako karibu na milimita 30. Jibu lilikuwa mbele yangu tangu kivulini.

Kuna mambo matatu yanayoweza kuvuruga vipimo, na kila moja lina alama yake.

La kwanza ni kipimo kimoja kilichoharibika, kwa mfano msaidizi kaweka prizma, kile kioo kinachorudisha mwanga kwenye chombo, pembeni ya bikoni. Hapo yanavunjika mapengo yanayokihusisha kipimo hicho tu. Kama BD ingezidi kwa milimita 50, basi BC + CD toa BD ingekuwa −50 na AB + BD toa AD ingekuwa +50, huku mapengo mengine mawili yakitulia. Halikuwa hili.

La pili ni bikoni kutokuwa kwenye mstari mmoja. Hili ni la kuogopwa, maana nalo hufanya sehemu zizidi mzima daima. Lakini lina ukubwa wake. Kwa AB ya mita 42 na BC ya mita 38, ili pengo la milimita 33 litokee, bikoni B ingepaswa kuwa nje ya mstari kwa mita 1 na sentimita 15 hivi. Nilikuwa nimeelekeza darubini kutoka A hadi D na bikoni za kati zilionekana kwenye uzi. Halikuwa hili pia.

La tatu ni kosa lisilobadilika, linaloongezwa kwenye kila kipimo, kiwe kifupi au kirefu. Sehemu mbili zikijumlishwa zinalibeba mara mbili, mzima unalibeba mara moja, na pengo linabaki sawa na kosa lenyewe. Ndiyo maana mapengo yote yalikuwa karibu 30. Sehemu tatu zikijumlishwa zinalibeba mara tatu, mzima mara moja, kwa hiyo pengo ni mara mbili ya kosa. Nikajumlisha AB, BC na CD, nikapata 126.057. Nikatoa AD, nikapata milimita 63. Nusu yake ni 31.5.

Nikamwita msaidizi wangu, mtu mzima aliyeshika prizma tangu mimi niko shule. "Mzee, hii prizma tumeitoa wapi?"

"Si ile tuliyoazima juzi? Ya kwetu bado iko kwa fundi."

Nyuma ya kishikizo chake paliandikwa −30. Kwenye chombo, sehemu ya prizma ilisoma 0, ambayo ndiyo ya prizma yetu. Mwanga hupita polepole ndani ya kioo kuliko hewani, kwa hiyo chombo hudhani njia ni ndefu kuliko ilivyo, na kila aina ya prizma ina namba yake ya kurekebisha kulingana na kioo na kishikizo. Kila umbali niliousoma siku ile ulikuwa mrefu kwa milimita 30. Chombo hakikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike kuliko fomula. Mbinu ya miraba midogo kabisa hugawa makosa kwa haki pale yanapotokea huku na huku. Kosa linaloelemea upande mmoja hailiondoi, inalipaka rangi. Ile AD iliyopatanishwa mwanzo, mita 126.010, ilikuwa mbaya kuliko kipimo chenyewe cha daftari, kwa sababu ilivutwa na sehemu tatu zilizobeba kosa lile lile. Kama nisingeandika masahihisho, ningesaini namba zinazojumlika vizuri na zote si za kweli.

Hatua ya sita: ondoa kosa la kudumu, kisha patanisha upya

Nilitoa 0.030 kwenye kila kipimo. Sikutumia 31.5 niliyoikokotoa, kwa kuwa namba hiyo nayo imetokana na vipimo vyenye kosa la milimita kama mbili, na 30 iko ndani ya mashaka hayo. Iliyoandikwa kwenye prizma ina nguvu zaidi. Kama hakuna kilichoandikwa, tumia uliyoikokotoa, huku ukijua udhaifu wake. Vipimo vikawa:

AB 42.182
BC 38.464
CD 45.321
AC 80.643
BD 83.787
AD 125.964

Sasa fuata fomula tena, AB kwa mfano. Mara mbili ya 42.182 ni 84.364. AC toa BC ni 42.179. AD toa BD ni 42.177. Jumla 168.720, gawa kwa 4, upate 42.180. Kwa njia hiyo hiyo BC ni 38.46375 na CD ni 45.3215.

Masahihisho mapya kwa milimita: AB −2, BC −0.25, CD +0.5, AC +0.75, BD −1.75, AD +1.25. Ishara zimechanganyika, hakuna foleni. Jumla ya vipeo vya pili ni 9.5, gawa kwa 3, tafuta kipeuo cha pili chake, unapata milimita 1.8. Hivi ndivyo chombo cha milimita 2 kinavyotakiwa kuongea.

Fomula ya njia tatu inafaa tu ukiwa na vipimo vyote sita vyenye uzito sawa. Ukikosa kimoja, au ukiwa na bikoni nyingi zaidi, ipe kompyuta kazi hiyo. Kila mstari wa `A` ni kipimo kimoja, ukieleza kinavuka viwanja vipi:

```python
import numpy as np
# safu: AB, BC, CD
A = np.array([[1,0,0],[0,1,0],[0,0,1],
              [1,1,0],[0,1,1],[1,1,1]])
L = np.array([42.182,38.464,45.321,80.643,83.787,125.964])
x = np.linalg.lstsq(A, L, rcond=None)[0]
print(x.round(4))
print(((A @ x - L) * 1000).round(2))
```

Mstari wa mwisho unachapisha masahihisho kwa milimita. Usiufute. Ukishuku kosa la kudumu, ongeza safu ya nne ya moja tupu kwenye `A`, nalo litatoka kama jibu la nne. Kwa namba zangu za kwanza linatoka 0.0315, ile ile niliyoipata kwa kalamu.

Kuhusu uzito: kwa chombo cha mwanga, kipimo cha mita 40 na cha mita 126 vina mashaka yanayokaribia kulingana, kwa hiyo nilivipa imani sawa. Kwa tepu sivyo. Tepu huwekwa chini tena na tena, na kila uwekaji unaongeza kosa, hivyo kipimo kirefu kiaminiwe kidogo zaidi. Kawaida uzito ni 1 gawa kwa umbali. Kwenye kompyuta, zidisha kila mstari wa `A` na wa `L` kwa kipeuo cha pili cha uzito wake kabla ya kutatua. Tepu iliyovutika kwa joto, au iliyolegea, ni kosa linaloelemea upande mmoja kama prizma yangu. Ila kama tepu nzima imerefuka kwa kiwango kimoja, mapengo hayatakuonyesha chochote, kwa kuwa sehemu na mzima vinaharibika kwa uwiano ule ule. Hilo utalijua tu kwa kuilinganisha na tepu ya chuma iliyohakikiwa.

Hatua ya saba: kata desimali kwa uangalifu

Bibi alitaka sentimita. AB ni 42.18, BC ni 38.46, CD ni 45.32. AD iliyopatanishwa ni 125.96525, na ukiikata yenyewe kwenye sentimita unapata 125.97. Lakini sehemu tatu zilizokatwa zinajumlika 125.96. Baada ya kazi yote ile, ukikata desimali kila namba peke yake unarudisha pengo mlangoni. Kata sehemu kwanza, kisha jumla uitoe kwenye sehemu hizo.

Nilimwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: mkubwa 42.18, wa kati 38.46, mdogo 45.32, jumla 125.96. Nikamweleza pia kwamba namba za asubuhi zilikuwa na kosa langu, na kwamba asingejumlisha yeye, pengine nisingezitilia shaka mapema vile. Alivaa miwani, akaitoa simu, akabonyeza taratibu. Wanawe wote watatu walikuwa wamesimama nyuma ya kiti chake wakitazama kioo cha simu. Ikasoma 125.96. Akaikunja karatasi mara mbili, akaiingiza kwenye pindo la kanga.